Ndoo ya lita 20 imeandikwa mita 12 kwa lita, lakini imeisha kabla ya kazi. Hesabu imekosewa wapi?

MjengoKihonda (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu. Naomba mnisaidie hesabu ambayo imenifanya nisikie vibaya dhidi ya fundi wangu, na sitaki kumshutumu mtu kabla sijajiridhisha.

Nimejenga hapa Morogoro na nimefikia kupaka rangi sebule na vyumba viwili. Sebule ina urefu wa mita 5 na upana wa mita 4.2. Chumba kikubwa ni mita 3.6 kwa 3.6, na kidogo ni mita 3.6 kwa 3. Kuta zote zina kimo cha mita 3. Milango ni mitatu, yote ya mita 0.9 kwa 2.1: mmoja wa kutokea nje na miwili inayoingia vyumbani kutoka sebuleni. Madirisha ni manne ya mita 1.5 kwa 1.2, mawili sebuleni na moja katika kila chumba. Dari halihusiki.

Nilinunua ndoo moja ya lita 20 ya rangi ya maji. Juu ya ndoo pameandikwa kwamba lita moja hufunika mita za mraba 10 hadi 12. Nilizidisha 20 kwa 12 nikapata mita za mraba 240, na kwa kuwa kuta zangu nilizikadiria kuwa kama 120 hivi, niliona ndoo moja inatosha mikono miwili barabara. Fundi amepaka mkono wa kwanza nyumba nzima, kisha mkono wa pili ameupaka chumba kidogo tu, tena kuta tatu kati ya nne, akaniambia rangi imekwisha. Mimi nilikuwa kazini siku zote mbili. Je, hizo lita nyingine zimekwenda wapi?

HesabuKali

Mkuu, jambo hili halihitaji mjadala mrefu. Lita 20 mara 12 ni 240, ukigawa kwa mikono miwili unapata 120. Kuta zako ni 120. Rangi ilipaswa kutosha, na kama ingepungua, ingepungua kwa ukuta mmoja, si kwa nusu ya kazi. Mkono wa kwanza ulipaswa kula lita 10 na pointi kidogo. Kwa hiyo kuna lita zipatazo saba ambazo hazipo ukutani. Muulize fundi wako kwa upole anajenga wapi.

FundiRangiTanga

Ndugu HesabuKali, umehukumu mtu ambaye hukumwona akishika brashi. Mimi ni fundi rangi, na kabla sijasema lolote ningependa kumwuliza mleta uzi maswali matatu. Ukuta ni mpya au uliwahi kupakwa rangi? Ulipigwa puti au ni plasta tupu? Na kabla ya rangi yenyewe, mlipaka praima?

MjengoKihonda (mleta uzi)

Asante kaka. Ukuta ni mpya kabisa, una plasta ya saruji na mchanga iliyosawazishwa kwa ubao, kwa hiyo ukipitisha kiganja unahisi chembechembe. Puti hatukupiga kwa sababu fedha haikutosha. Praima pia hatukupaka. Fundi alisema mkono wa kwanza ataulainisha kwa maji ili ufanye kazi hiyo.

MzeeWaBati

Vijana, mimi nilikumbwa na jambo hili hili. Nilipima paa langu urefu mara upana, nikanunua rangi ya bati kwa hesabu ya kopo, ikaisha upande mmoja haujafikiwa. Nadhani hawa watengenezaji huandika namba kubwa ili tununue. Mleta uzi, bati lako ni la migongo mipana au la mawimbi?

Mkadiriaji

Shikamoo Mzee. Mleta uzi anazungumzia kuta za ndani, lakini swali lako lina jibu jepesi, hivyo nalijibu kabla ya kurudi kwake. Uliyoyapima ni maeneo ya paa likitazamwa kama karatasi iliyonyooka, ilhali brashi hupanda kila wimbi na kushuka. Chukua uzi wa kushonea, uulaze juu ya bati upande wa upana huku ukifuata kila bonde na kila mgongo, kisha uunyooshe na kuupima. Urefu wa uzi ndio upana unaopaswa kuuzidisha. Ndipo utajua kopo lilikudanganya au la.

Sasa nije kwa mleta uzi. Kazi yangu ni kukadiria vifaa vya ujenzi, na ninaomba tuanze na ukuta wenyewe kabla ya rangi, kwa sababu neno «kama 120 hivi» halitoshi pale ambapo mtu anataka kumtuhumu mwenzake.

Mzunguko wa sebule ni mita 18.4, na ukizidisha kwa kimo cha mita 3 unapata mita za mraba 55.2. Chumba kikubwa kina mzunguko wa mita 14.4, yaani 43.2. Chumba kidogo kina mzunguko wa 13.2, yaani 39.6. Jumla ni mita za mraba 138. Katika hizo tunatoa nafasi zisizopakwa. Mlango mmoja una mita za mraba 1.89, lakini angalieni kwamba mlango wa chumbani unakata ukuta pande mbili, upande wa sebule na upande wa chumba. Milango mitatu kwa hiyo inatolewa mara tano, jumla 9.45. Madirisha manne yenye 1.8 kila moja ni 7.2. Tukitoa 16.65 katika 138 tunabaki na mita za mraba 121.35. Makadirio ya mleta uzi yalikuwa mazuri; kosa haliko hapa.

Kosa liko katika namna alivyoisoma ile namba ya ndoo. Ameandikiwa 10 hadi 12, akachukua 12, kana kwamba ni ahadi. Namba hiyo ni ya mkono mmoja, juu ya ukuta laini uliokwisha kuzibwa vinyweleo. Ukuta wake si laini wala haukuzibwa.

HesabuKali

Hata tukichukua 10 badala ya 12, mkono wa kwanza ungekula lita 12 na kidogo. Zingebaki karibu 8, za kupaka mita za mraba 80 za mkono wa pili. Yeye amepata kuta tatu za chumba kidogo. Bado hesabu haifungi.

Mkadiriaji

Hapo umeuliza vizuri, na ndipo utamu wa jambo ulipo. Tufikirie lita moja ya rangi ni nini. Ukimwaga lita moja ya kitu chochote cha maji juu ya sakafu ya mita moja ya mraba, kisha ukaisambaza sawasawa, utapata tabaka lenye unene wa milimita moja kamili. Ukiisambaza lita hiyo hiyo juu ya mita za mraba 12, unene wake ni sehemu moja ya kumi na mbili ya milimita, nayo hiyo ni rangi ingali mbichi, kabla maji hayajakauka. Kila namba unayoiona kwenye ndoo ni unene uliogeuzwa kuwa eneo. Anayesema 12 anasema: pakeni tabaka jembamba la kiasi hiki.

Sasa pitisha kiganja juu ya plasta iliyosawazishwa kwa ubao. Zile chembechembe zinazokukwaruza ni vilima vya mchanga, na katikati yake kuna mabonde. Kina cha bonde moja kinaweza kuzidi mara kadhaa tabaka la sehemu moja ya kumi na mbili ya milimita. Rola ikipita, rangi hujaza mabonde kwanza. Zaidi ya hapo, plasta isiyozibwa hufyonza maji ya rangi kama kitambaa kikavu, na rangi huanza kukaza kabla fundi hajaisambaza, kwa hiyo hulazimika kuchovya tena. Kwa ukuta wa namna hiyo mimi huweka mita za mraba 6 hadi 8 kwa lita katika mkono wa kwanza, hata kama ndoo imeandikwa 12.

Tujaribu 7. Mita za mraba 121.35 ukigawa kwa 7 ni lita 17.3. Zinabaki lita 2.7. Mkono wa pili unapita juu ya ukuta uliokwisha kuzibwa na wa kwanza, kwa hiyo tuuwekee 10 kwa lita: lita 2.7 zitafunika mita za mraba 27.

Mleta uzi amesema kuta tatu za chumba kidogo. Ninaomba atuambie ni zipi.

MjengoKihonda (mleta uzi)

Nimetoka kutazama sasa hivi. Zilizopakwa mkono wa pili ni kuta mbili ndefu za mita 3.6, mmoja ukiwa na dirisha na mwingine ukiwa na mlango, pamoja na ukuta mmoja mfupi wa mita 3. Uliobaki ni ule mfupi mwingine, ambao hauna dirisha wala mlango.

Mkadiriaji

Kuta mbili ndefu ni 21.6, ukuta mfupi ni 9, jumla 30.6. Toa dirisha 1.8 na mlango 1.89. Unabaki na 26.91.

FundiRangiTanga

Mita za mraba 27 kwa 26.91. HesabuKali, umeona?

HesabuKali

Nimeona, lakini sijaridhika. Mkadiriaji amechagua 7 mwenyewe. Angechagua 8, mkono wa kwanza ungekula lita 15.2, zingebaki 4.8, na mkono wa pili ungefika mita za mraba 48. Namba inayochaguliwa ili jibu litoke haithibitishi chochote.

Mkadiriaji

Pingamizi lako ni halali, nami sitalizunguka. Nilichoonyesha ni kwamba kiasi cha rangi kilichotumika kinaelezeka bila wizi, kwa namba ambayo ni ya kawaida kwa ukuta wa aina hii. Sijaonyesha kwamba hakuna kilichopotea. Kama ukuta wake kwa kweli unakula kwa 8, basi kuna lita mbili zinazotafutwa. Hesabu ya karatasini haiwezi kuamua kati ya 7 na 8. Ukuta wenyewe unaweza.

BintiNakuru

Samahani kuingilia. Mimi niko Nakuru, na mwezi uliopita nilipaka chumba changu mwenyewe kwa kopo la lita 4 lililoandikwa 12 kwa lita. Chumba ni mita 3 kwa 3, kimo mita 2.7, na nikitoa mlango na dirisha kuta zangu zilikuwa mita za mraba 28.8. Nilipaka mkono mmoja kwa sababu rangi ilikuwa ile ile ya zamani, nikabakiwa na karibu lita moja na nusu kasoro kidogo. Kwa hiyo kwangu namba ya kopo ilikuwa karibu na kweli. Labda mafundi hawajui kuivuta rangi?

FundiRangiTanga

Dada, wewe ulitumia lita 2.6 kwa mita za mraba 28.8, yaani kama 11 kwa lita, na hongera, kazi ilikuwa nzuri. Lakini ukuta wako ulikuwa umekwisha kunywa rangi miaka iliyopita, rangi ambayo alilipia mtu mwingine. Ungenipa mimi ukuta huo, nami ningekupa 11. Nikipewa plasta kavu ya mleta uzi, hata nikiivuta namna gani, nikiilazimisha kufika 11 utaona ukuta umejaa mabaka ya kijivu kesho yake asubuhi, na utaniita nirudie.

Kuna kipimo ambacho sisi hukifanya bila karatasi. Chovya brashi safi katika maji, upige ukutani mara moja. Maji yakiteremka kama machozi, ukuta umezibwa. Yakimezwa papo hapo na pakabaki doa jeusi, ukuta una kiu, na mwenye nyumba aambiwe mapema kwamba ndoo moja haitoshi. Nadhani kosa la fundi wa mleta uzi, kama lipo, ni kunyamaza hapo.

MjengoKihonda (mleta uzi)

Je, yale maji aliyoongeza hayakupaswa kuongeza eneo? Aliniambia aliweka kama lita 4 kwa ndoo nzima. Nilidhani lita 24 mara 12 ni 288.

HesabuKali

Hili hata mimi nilitaka kulisema. Maji yakiongezwa, lita zinaongezeka, na eneo linaongezeka. Hiyo ndiyo faida yenyewe ya kuchanganya.

Mkadiriaji

Umepata nusu, ndugu yangu. Ni kweli kwamba lita 24 za mchanganyiko zinaweza kusambazwa juu ya mita za mraba 288 kwa unene ule ule wa mbichi. Lakini maji hayabaki ukutani, na kinachobaki baada ya kukauka ni kile kilichokuwa ndani ya lita 20 za mwanzo. Tuseme kwa mfano kwamba katika kila lita ya rangi sehemu inayobaki ukutani ni asilimia 35. Lita 20 zina lita 7 za kitu kigumu. Ukizitandaza juu ya mita za mraba 240, tabaka kavu lina unene wa sehemu 29 katika 1000 za milimita. Ukizitandaza juu ya 288, ni sehemu 24 tu. Umepaka eneo kubwa zaidi kwa rangi nyembamba zaidi, na ukuta utakuonyesha plasta kwa chini mpaka upake mkono wa tatu. Ulichookoa mkono wa pili utakilipa mkono wa tatu.

Kwa hiyo kanuni yangu ni kuhesabu lita kama zilivyotoka ndooni, kabla ya tone la maji. Maji ya mkono wa kwanza yana kazi yake, nayo ni kuisaidia rangi ipenye katika plasta kavu, na ndoo nyingi huruhusu kiasi fulani kilichoandikwa hapo hapo. Lakini yasiingizwe katika mita za mraba.

FundiRangiTanga

Hapa ninatofautiana kidogo na Mkadiriaji. Mkono wa kwanza wenye maji hutembea zaidi, na mkono wa pili juu yake hutembea zaidi vilevile kwa sababu ukuta umezibika vizuri kuliko ukipaka rangi nzito inayokaa juu juu. Nimeliona hili kwa miaka mingi. Sina namba, lakini nina macho.

Mkadiriaji

Sikatai kwamba umeliona. Ninachokataa ni kuzidisha 24 kwa 12.

MsafiriOhayo

Niko Marekani, na ninasoma uzi huu nikiwa na kopo mkononi. Huku wanaandika futi za mraba 350 hadi 400 kwa galoni. Nikigawa 400 kwa lita 4 napata 100 kwa lita. Hii rangi yao ina nini ambacho yenu haina?

Mkadiriaji

Haina kitu cha ajabu. Hizo ni futi, si mita, na mita moja ya mraba ina futi za mraba 10.76. Futi 400 ni mita za mraba 37.2. Tena galoni ya huko si lita 4 kama makopo tunayoyaita galoni hapa nyumbani; ni lita 3.785. Ukigawa 37.2 kwa 3.785 unapata 9.8 kwa lita. Kopo lako linaahidi kidogo kuliko ndoo ya Morogoro.

MjengoKihonda (mleta uzi)

Nimeelewa. Sasa naomba mnisaidie kununua bila kukosea tena. Ninahitaji lita ngapi kumaliza?

HesabuKali

Hapa niruhusiwe kusaidia. Mkono wa kwanza ulikwenda kwa 7, wa pili unakwenda kwa 10, wastani ni 8.5. Mita za mraba 121.35 mara mikono miwili ni 242.7, ukigawa kwa 8.5 unapata lita 28.55. Ulikuwa na 20. Nunua lita 8.55, yaani makopo mawili ya lita 4 na kikopo kidogo.

Mkadiriaji

Umekaribia, lakini wastani huo umekupunja karibu lita nzima. Kinachojumlishwa ni lita. 7 na 10 zenyewe hazijumlishwi. Mkono wa kwanza unakula lita 17.34, wa pili lita 12.14, jumla lita 29.47. Sehemu yenye kiu hula rangi nyingi kuliko sehemu isiyo na kiu, kwa hiyo 7 ina uzito mkubwa kuliko 10 katika ununuzi wako. Tofauti ni ndogo katika nyumba hii, lakini katika jengo la ghorofa ingekuwa ndoo kadhaa.

Hata hivyo mleta uzi hana haja ya kurudi mwanzo. Kazi iliyobaki ni mkono wa pili peke yake, mita za mraba 121.35 kutoa 26.91, yaani 94.44. Badala ya kuniamini mimi na hiyo 10 yangu, afanye jaribio moja. Anunue kopo moja la lita 4. Alowanishe rola kwa rangi kwanza na kuikamua, kwa sababu rola kavu hunywa rangi nyingi kabla haijatoa, na jaribio litaonekana baya kuliko kazi yenyewe. Kisha apime lita moja kwa jagi, aimimine katika trei tupu, apake kuanzia kona moja kwa kimo chote cha ukuta mpaka trei ikauke, halafu apime amefika mita ngapi. Mita hizo mara 3 ndiyo namba ya ukuta wake, na hakuna ndoo inayoweza kubishana nayo.

FundiRangiTanga

Ninaongeza jambo ambalo haliko katika hesabu lakini litamwumiza asipolisikia. Ukinunua makopo mapya, kama rangi yako ni ya kuchanganyiwa dukani, haitafanana kabisa na ile ya ndoo ya kwanza. Yachanganye makopo yote mapya katika ndoo moja kabla ya kuanza, na usiunganishe rangi ya zamani na mpya katikati ya ukuta. Ishia kwenye kona. Bahati yako ni kwamba fundi wako aliishia kwenye kona.

Jambo jingine: mimi sitoi madirisha yote katika hesabu. Kingo za ndani za dirisha, ule unene wa ukuta unaozunguka fremu, hupakwa rangi nao.

Mkadiriaji

Tuzipime basi. Dirisha la 1.5 kwa 1.2 lina mzunguko wa mita 5.4. Kama kingo zina kina cha sentimita 10, ni mita za mraba 0.54 kwa dirisha, na madirisha manne ni 2.16. Una haki, lakini ukiacha kutoa madirisha yote unaongeza 7.2 mahali pa 2.16. Mimi hutoa madirisha na kurudisha kingo.

FundiRangiTanga

Na mimi nitaendelea kutoyatoa, kwa sababu ile ziada inanifaa pale mtoto wa mwenye nyumba anapogusa ukuta mbichi.

MjengoKihonda (mleta uzi)

Habari za leo wakuu. Nimerudi na majibu.

Jumamosi nilifanya jaribio sebuleni nikiwa na fundi. Lita moja ilitoka kwenye kona ikafika mita 3.1, kimo chote cha mita 3. Hiyo ni mita za mraba 9.3 kwa lita. Nikagawa 94.44 kwa 9.3 nikapata lita 10.15, nikaongeza makopo mawili, jumla lita 12. Makopo hayo mawili na kilichobaki cha la kwanza tulivichanganya pamoja katika ndoo, na ule ukuta wa jaribio ukapakwa upya ili usiwe na rangi ya peke yake.

Kazi imekwisha jana. Nilipima kilichobaki kwa jagi, nikapata lita 1.2. Kwa hiyo zimetumika 10.8.

Mkadiriaji

Safi sana. Ukigawa 94.44 kwa 10.8 unapata 8.7 kwa lita, chini ya jaribio lako. Ule ukuta uliopakwa mara mbili, ambao hesabu haikuutarajia, unatosha peke yake kueleza tofauti hiyo. Tena kuna kingo za madirisha ambazo Fundi wa Tanga alizitetea, na rangi iliyobaki katika rola na trei. Ungenunua lita 10.15 kamili ungekwama tena.

Sasa tunaweza kurudi kwenye ndoo ya kwanza kwa namba ya ukuta wako badala ya yangu. Kuta tatu za chumba kidogo kwa 9.3 zilikula lita 2.9. Zinabaki 17.1 za mkono wa kwanza, sawa na mita za mraba 7.1 kwa lita.

HesabuKali

Nakubali kwamba 7.1 ni namba ya kawaida kwa plasta isiyopigwa puti wala praima. Lakini bado hatujui kama ndoo ilifunguliwa ikiwa na lakiri yake. Mleta uzi, ulipoileta nyumbani uliifungua?

MjengoKihonda (mleta uzi)

Sikuifungua. Ilifunguliwa nikiwa kazini. Nimemwuliza fundi, amesema ilikuwa na lakiri. Ndoo yenyewe sasa ina maji ya kumwagilia bustani, na mfuniko umekwisha tupwa.

BintiNakuru

Swali langu la mwisho kwa Mkadiriaji: nikitaka kupiga puti chumba cha pili kabla ya rangi, nitumie 12 au 7? Ukuta utakuwa laini kama kioo, lakini fundi wa hapa anasema puti nayo hunywa.

FundiRangiTanga

Hunywa kweli, dada. Puti haina mabonde lakini ina kiu. Piga msasa, futa vumbi, kisha fanya lile jaribio la brashi ya maji. Ukiona doa, usiandike 12.

Mkadiriaji

Na ukishapaka praima, rudia jaribio la maji, halafu lile la lita moja. Utuletee mita ulizofika.